Usajili umefutwa, makato bado yanakuja: jinsi ya kudai malipo ya baadaye

Umefuta usajili wa huduma ya mtandaoni, ujumbe wa kuthibitisha umekufikia, nawe ukaliweka jambo hilo nyuma yako. Wiki kadhaa baadaye unapitia taarifa ya akaunti na kulikuta jina lilelile, kwa kiasi kilekile, si mara moja bali mwezi baada ya mwezi. Kinachofuata kwa kawaida ni ujumbe mrefu wa hasira kwa huduma kwa wateja, kisha jibu la upole lisilorudisha hata senti.

Hasira hiyo ina haki yake, ila haina uzito kwa mtu anayepitia madai. Mtu huyo, awe wa kampuni au wa benki, anatafuta jibu la swali moja: idhini ya kutoza kadi hii iliondolewa lini? Ulipojisajili uliruhusu kadi yako itozwe tena na tena bila kuulizwa kila mara. Ulipofuta uliiondoa ruhusa hiyo. Uthibitisho ulioletewa ni maandishi ya kampuni yenyewe yanayokubali kwamba imeondolewa. Kuanzia tarehe ambayo uthibitisho huo unaanza kufanya kazi, kila tozo ni kosa linalojitegemea, lenye tarehe yake, kiasi chake na muda wake wa kudaiwa. Ukilijenga dai lako juu ya tarehe hiyo, mengi yanayobaki ni kazi ya makaratasi.

Isome barua ya uthibitisho kwanza

Tuchukue mfano. Mteja analipia huduma kila tarehe 14 ya mwezi, na malipo hufanywa mwanzoni mwa kipindi, yaani malipo ya Februari 14 yanamfikisha Machi 13. Machi 3 anafuta. Siku hiyohiyo anapokea barua pepe isemayo: usajili wako umefutwa, utaendelea kuitumia huduma hadi Machi 13, hutatozwa tena. Mei 20 anagundua kwamba kadi ilitozwa Machi 14, Aprili 14 na Mei 14.

Anachoweza kudai ni malipo hayo matatu. Malipo ya Februari 14 hayamo, hata kama aliacha kuitumia huduma mwanzoni mwa Machi, kwa sababu yalifanywa wakati idhini ipo na kipindi chake kiliachwa kiishe. Wengi huyatia humo humo malipo ya mwezi waliofuta, kwa kuona kwamba si haba kujaribu. Mimi naona ni hasara. Anayepitia dai akikuta tozo moja ambayo ni halali, hulijibu hilo tu, na hayo matatu yaliyo wazi hubaki nyuma ya mabishano yasiyo na maana.

Sasa sogeza tarehe kidogo uone jinsi mambo yanavyobadilika. Mteja huyohuyo angefuta Machi 15, siku moja baada ya kutozwa, barua ingemwambia kwamba huduma inaendelea hadi Aprili 13, na malipo ya Machi 14 yasingedaiwa. Dai lingeanzia Aprili. Angefuta usiku wa Machi 13, ingebidi aangalie saa iliyoandikwa kwenye barua. Mitambo mingi ya malipo huhesabu kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na saa chache tu za tofauti zinatosha kulifanya agizo lake lionekane limefika siku nyingine. Masharti mengine hutaka mteja afute angalau saa 24 kabla ya siku ya kulipa. Lakini kama barua waliyomtumia inasema hatatozwa tena, hiyo ndiyo ahadi waliyompa, na ndiyo ya kushikilia.

Yapo mazingira mawili ambamo tozo ya baada ya kufuta ni halali, na ni vizuri kuyatambua kabla ya kumtisha mtu. La kwanza ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mafungu ya kila mwezi. Hapo kufuta mara nyingi kunamaanisha kwamba mkataba hautaongezwa ukiisha, si kwamba mafungu yaliyobaki yamesamehewa. Barua ya uthibitisho itataja tarehe ya mbali, miezi kadhaa mbele, na hiyo ndiyo inayotawala. La pili ni huduma zinazolipwa baada ya kutumika, kama hifadhi ya data inayopimwa au simu za mtandaoni. Ankara ya mwisho huja baada ya kufuta kwa sababu inahesabu matumizi ya kabla ya kufuta. Usiangalie tarehe ya ankara peke yake. Angalia kipindi inachokitaja. Kikiwa cha kabla ya kufuta, lipa. Kikiwa cha baada, dai.

Makato yanatoka wapi

Inasaidia kujua chanzo, maana chanzo ndicho kinachokuambia umwandikie nani.

Sababu ninayoiona kuwa ya kawaida zaidi haina hila yoyote. Kampuni nyingi zina mfumo mmoja unaohifadhi mazungumzo na wateja na mwingine unaotoza kadi. Mhudumu aliyekujibu aliandika kwenye wa kwanza kwamba umefuta, akakutumia barua, na agizo halikufika kwenye wa pili. Dalili yake ni kwamba una barua kutoka kwa mtu, lakini ukurasa wa malipo ndani ya akaunti yako bado unaonyesha usajili uko hai na tarehe ya tozo ijayo. Kesi ya namna hii ni rahisi kuimaliza, kwa kuwa mtu mwingine katika kampuni hiyohiyo akifungua rekodi ya mazungumzo ataona kosa lilipotokea.

Sababu ya pili ni kuwa na usajili miwili. Ulijisajili kwa barua pepe moja, kisha simu ikakusajili tena kwa nyingine, au ulianza kwenye tovuti ukamalizia ndani ya programu ya simu. Umefuta mmoja, unaotozwa ni mwingine. Hapa kampuni itakujibu kwa unyofu kabisa kwamba akaunti yako imefungwa na haioni tozo yoyote. Wape alama zinazoitambulisha tozo yenyewe: tarehe, kiasi kamili, tarakimu nne za mwisho za kadi, na maandishi kama yanavyosomeka kwenye taarifa ya benki. Kwa hizo wanaweza kuitafuta tozo moja kwa moja bila kupitia jina lako. Na lazima uwe mkweli kwa nafsi yako: kama ule usajili wa pili hukuwahi kuufuta, huna uthibitisho juu yake. Unachoomba hapo ni wema wa kampuni, na lugha ya barua yako ibadilike ilingane na hali hiyo.

Ukiwa umejisajili kupitia duka la programu la Apple au la Google Play, aliyekutoza ni duka, si kampuni iliyotengeneza programu. Kampuni inaweza kukuthibitishia kwamba imefunga akaunti yako na bado duka likaendelea kukata, na tena kwa upande wa Apple kampuni haina uwezo wa kukurudishia fedha hata ikitaka. Kuiondoa programu kwenye simu nako hakufuti kitu. Madai ya Apple hupelekwa kwenye reportaproblem.apple.com, na ya Google kupitia historia ya manunuzi ya akaunti yako ya Google Play. Utajua uko kwenye kundi hili ukiona jina la Apple au la Google kwenye taarifa ya benki.

Kuna pia ujanja mdogo wa vitufe. Unapobonyeza kufuta, kurasa nyingine hukupitisha kwenye ofa, na kitufe kinachong'aa kuliko vyote ni cha kusimamisha kwa muda. Aliyesimamisha kwa miezi mitatu atatozwa mwezi wa nne, na barua aliyopata haisemi amefuta. Vilevile baadhi ya huduma huufufua usajili mtu akiingia tena na kubonyeza kuendelea. Kwa hiyo isome barua yako neno kwa neno kabla ya kuitegemea.

Barua ya dai

Iandike mahali panapoacha kumbukumbu. Simu ni nzuri kwa kuharakisha, lakini mwisho wake mwambie mhudumu akutumie kwa maandishi alichokuahidi. Mazungumzo ya dirisha la gumzo yahifadhi kabla hujalifunga, kwa sababu mengine hufutika.

Mteja wetu angeweza kuandika hivi Mei 20:

> Mada: Dai la kurejeshewa malipo matatu yaliyotozwa baada ya usajili kufutwa
>
> Usajili wangu chini ya barua pepe hii ulifutwa Machi 3. Ujumbe wenu wa siku hiyo, nilioambatisha, unasema huduma ingeisha Machi 13 na kwamba nisingetozwa tena.
>
> Baada ya hapo kadi yangu, ambayo tarakimu zake nne za mwisho nimezitaja chini, imetozwa Machi 14, Aprili 14 na Mei 14. Sikujisajili upya, na sikuitumia huduma katika kipindi hicho.
>
> Nawataka mrejeshe malipo yote matatu kwenye kadi hiyohiyo, mwondoe kadi yangu kwenye mfumo wenu wa malipo, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba hakuna usajili mwingine ulio hai kwa jina langu. Nasubiri jibu hadi Juni 3. Baada ya tarehe hiyo nitaipinga miamala hii kupitia benki yangu.

Barua ni fupi kwa makusudi. Haina historia ya kutoridhika na huduma, haielezi kwa nini alifuta, haiombi msamaha wala haiwaombi wao. Kila sentensi yake inaweza kupimwa na mtu asiyemjua mwandishi. Siku 14 za kusubiri si kanuni; ni muda ambao kampuni haiwezi kuulalamikia kuwa mfupi, na ambao bado haujamla mteja muda wake wa benki, jambo tutakalolifikia.

Sentensi ya kwamba hakuitumia huduma iandikwe tu kama ni kweli, na mtu aihakiki kwanza. Televisheni ya sebuleni inaweza kuwa bado imeunganishwa na akaunti, au mtoto anaitazama kwenye kompyuta kibao kila jioni. Kampuni ina kumbukumbu za kila kifaa kilichoingia, na hiyo ndiyo silaha yake kubwa kuliko zote. Ukigundua kwamba huduma ilitumika Machi tu, liseme mwenyewe, na udai Aprili na Mei kwa nguvu zote. Dai la miezi miwili lisilo na ufa lina thamani kuliko la mitatu linalovunjwa na rekodi moja ya kuingia. Usijaribu pia kuingia na kuvinjari huduma ili kuona kama bado inafanya kazi. Nenda kwenye ukurasa wa malipo, piga picha ya skrini, toka.

Viambatisho ni vitatu: barua ya uthibitisho ikiwa kamili pamoja na tarehe na anwani iliyoituma, ukurasa wa taarifa ya benki wenye tozo hizo huku mengine yakiwa yamefunikwa, na picha ya ukurasa wa malipo kama unaonyesha usajili umefutwa. Namba nzima ya kadi usimtumie mtu yeyote; hakuna anayeihitaji ili kukurudishia fedha.

Majibu utakayopewa

Jibu la kwanza linalozoeleka ni kwamba masharti ya kampuni hayaruhusu kurejesha fedha. Sharti hilo linahusu mteja aliyelipia mwezi kwa hiari kisha akabadili nia. Halihusu tozo iliyofanywa wakati hakuna usajili. Mjibu kwa sentensi moja tu: siombi kurejeshewa malipo ya kipindi nilichonunua, nadai malipo yaliyotozwa baada ya ninyi kuthibitisha kwamba hakuna usajili. Kisha mwambie alipeleke suala kwa wanaoshughulikia malipo, kwa sababu mhudumu wa ngazi ya kwanza mara nyingi hana kitufe cha kurejesha zaidi ya mwezi mmoja hata akitaka.

Mwezi mmoja ndiyo ofa ya pili. Utaambiwa kwamba kwa wema wao watakurudishia malipo ya mwisho. Zipokee fedha, lakini andika kwamba unazipokea kama sehemu ya dai na kwamba mawili yaliyobaki yako palepale. Ukisema asante na kunyamaza, baadaye watasema suala lilimalizwa kwa makubaliano. Jihadhari pia na fomu inayokutaka ubonyeze kwamba umeridhika kabla fedha hazijatolewa.

Ofa ya tatu ni salio: watakuwekea kiasi hicho ndani ya akaunti yako ya huduma, ukitumie wakati wowote. Kwa mtu aliyekwishaondoka, salio hilo halina maana, na zaidi ya hayo linaweza kuhitaji usajili uwe hai ili litumike. Kataa, na ueleze kwamba malipo yalitoka kwenye kadi na yarudi kwenye kadi.

Yupo pia atakayekuuliza kwa nini ulikaa miezi mitatu bila kusema. Huhitaji kujitetea. Uliambiwa hutatozwa, hukuwa na sababu ya kuchungulia.

Benki, na kosa la kuchagua kisanduku kisicho chako

Tarehe uliyoitaja ikipita kimya, au kampuni ikikataa, nenda kwa benki iliyokupa kadi na uipinge miamala hiyo. Hapa ndipo madai mengi mazuri yanapofia, na yanafia kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu.

Fomu itakuuliza aina ya tatizo. Juu kabisa kutakuwa na chaguo la kwamba muamala si wako au hukuufanya wewe. Linavutia, kwa sababu kweli hukuruhusu tozo hizo. Lakini chaguo hilo ni la wizi: kadi imeibwa, namba imevuja, mtu usiyemjua ameitumia. Ukilibonyeza, kadi yako itafungwa, na dai lako litapimwa kama kesi ya udanganyifu. Kampuni itaonyesha kwamba kadi hiyohiyo iliwahi kuilipa kwa amani, kutoka kwa mteja yuleyule na kifaa kilekile. Tangu Aprili 2023 Visa ina utaratibu rasmi wa utetezi huo. Kampuni ikitoa miamala ya zamani isiyopungua miwili, yenye umri wa kati ya siku 120 na 365 na isiyowahi kuripotiwa kuwa wizi, na alama kama anwani ya IP au kifaa zikalingana, inaweza kulishinda dai la wizi. Na kwa mtu aliyekuwa mteja wa kweli kwa mwaka mzima, miamala hiyo haikosekani.

Chaguo lako ni lile linalosema ulifuta malipo ya kujirudia na bado unatozwa. Kwa Visa lina namba yake, 13.2; American Express huliita C28. Si lazima uzitaje, ila ukizungumza na mfanyakazi wa benki ambaye hana uhakika, kumwambia kwamba hili ni suala la usajili uliofutwa na si la wizi kunamwelekeza anakotakiwa. Ndani ya kundi hilo historia yako ya kulipa haikudhuru, kwa sababu hukani kwamba ulikuwa mteja. Unasema ulikuwa, ukaacha, na hii hapa barua yao.

Kampuni nayo ina njia chache tu za kujitetea humo: kuonyesha kwamba tarehe ya kufuta ni nyingine, kwamba tozo ni ya matumizi ya kabla ya kufuta, kwamba uliendelea kuitumia huduma, au kwamba imekwisha kukurudishia. Ndiyo maana tulitumia muda mwingi kwenye barua ya uthibitisho, kipindi cha ankara na vifaa vilivyounganishwa. Mambo hayo ukiwa umeyasafisha mapema, hawana pa kushika.

Kisha kuna muda. Visa na Mastercard kwa kawaida huipa benki siku 120 za kuufungua mgogoro wa aina hii, na kila tozo ina saa yake. Kwa mteja wetu, tukihesabu tangu siku ya tozo, ya Machi 14 inafika ukingoni Julai 12, ya Aprili 14 inafika Agosti 12, na ya Mei 14 inafika Septemba 11. Angeendelea kubadilishana barua na kampuni hadi mwisho wa Julai, ya kwanza ingekuwa imemponyoka. Benki nayo inahitaji siku zake za kazi, na baadhi huwawekea wateja wao muda mfupi zaidi, hivyo mwezi mzima wa akiba si woga. Ukiona kampuni inakuahidi wiki hii na wiki ijayo huku tozo ya zamani ikikaribia ukingo, peleka benki hiyo moja kwanza.

Tozo iliyopita muda huo haijawa halali. Imetoka tu kwenye njia ya kadi. Bado kampuni inadaiwa, na inaweza kufuatwa kupitia mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo pale zilipo. Tofauti ni kwamba benki haiwezi tena kuirudisha kwa niaba yako. Na kama malipo yalitoka kwa makato ya moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, siyo kadi, kanuni ni tofauti kabisa. Katika mfumo wa SEPA wa Ulaya, kwa mfano, mteja anaweza kuyarudisha makato ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu, na yale yasiyo na idhini ndani ya miezi 13.

Ukishafungua mgogoro, benki inaweza kukuwekea fedha kwa muda. Usizihesabu kuwa zako. Kampuni ina muda wa kujibu, na ikileta ushahidi benki itakuuliza. Jibu hicho kilicholetwa tu. Ukipelekewa rekodi ya kifaa kilichoingia Aprili, eleza kuhusu kifaa hicho, usirudie hadithi nzima. Kampuni ikikurudishia fedha wakati mgogoro uko wazi, iarifu benki siku hiyohiyo, maana kulipwa mara mbili hugeuka kuwa deni lako.

Onyo kwa wale wanaodai duka la programu au huduma yenye vitu walivyonunua kwa miaka: baadhi hufunga akaunti nzima mteja anapopinga muamala kupitia benki. Unaweza kudai malipo matatu ukapoteza maktaba ya michezo au filamu. Kwa akaunti ya namna hiyo, maliza kwanza kila njia ya ndani ya kampuni.

Kuzuia tozo inayofuata

Kufunga kadi na kuomba mpya hakutoshi, na hili huwashangaza wengi. Mitandao ya kadi ina huduma za kusasisha taarifa, kama Visa Account Updater, zinazoipa kampuni namba mpya ya kadi yako ili malipo ya kujirudia yasikatike. Huduma hiyo imewekwa kwa nia njema, lakini kwa mtu aliyefuta usajili inamaanisha kadi mpya inaweza kurithi tatizo la zamani. Iambie benki kwa maneno haya: nataka mzuie malipo ya kujirudia kutoka kwa kampuni hii. Wafanyakazi wengi wa benki watakupa kadi mpya kwa sababu ndiyo kazi waliyoizoea, sisitiza zuio.

Ulipoweka kadi kupitia pochi ya mtandaoni kama PayPal, ondoa pia ruhusa iliyohifadhiwa humo. Ni ruhusa ya pekee, na kufuta kwenye tovuti ya huduma hakuifuti kila mara.

Fedha zinaporudi

Kampuni ikikubali, omba namba ya ARN ya kila rejesho. Ni namba yenye tarakimu 23 inayoufuata muamala kati ya benki mbili. Rejesho la kadi huweza kuchukua siku 5 hadi 10 za kazi kuonekana, na kipindi hicho ndicho kampuni husema imetuma na benki husema haijaona. Ukiwa na ARN, benki inaweza kulitafuta. Bila hiyo utakuwa mpira kati ya madirisha mawili. Kama rejesho limetumwa kwenye kadi iliyokwisha kufungwa, halipotei kwa kawaida: hufika kwenye benki iliyoitoa, nayo hulipeleka kwenye akaunti yako iliyopo, mradi uwaulize.

Linganisha kiasi, si idadi peke yake. Huduma ikitoza kwa fedha za kigeni, kampuni hurudisha kiasi kilekile cha fedha hizo, na benki hukibadilisha kwa kiwango cha siku ya kurudi. Unaweza kupata pungufu kidogo, au zaidi kidogo, ya ulichokatwa, na ada ya kubadilisha fedha huenda isirudi kabisa. Tofauti hiyo si mali ya kampuni na haiioni kwenye rekodi zake. Ukitaka ada irudi, mwombe aliyeikata, ambaye ni benki yako, ukimwonyesha rejesho lenyewe.

Angalia taarifa ya akaunti tena siku ileile ya tozo, mwezi mmoja na miwili baadaye. Kwa mteja wetu hiyo ni Juni 14 na Julai 14. Tozo ikijitokeza Juni 14, hata kama matatu ya kwanza yamerudi, usianze mazungumzo mapya: jibu kwenye barua ileile waliyokuthibitishia kwamba hakuna usajili ulio hai, na siku hiyohiyo uipeleke tozo hiyo benki.